Kagera: Waliohama na Hesabu ya Umaskini

Leo nataka tuzungumze kuhusu watu wanaotoweka katika takwimu. Ninawazungumzia watu waliohojiwa nyumbani kwao, majina yao yakaandikwa, watafiti wakaahidi kurudi, na waliporudi wakakuta mlango umefungwa, au nyumba ina wenyeji wengine kabisa. Nitakaa na mfano mmoja tu, wa mkoa wa Kagera, kwa sababu sijui mfano mwingine wa Afrika Mashariki unaoonyesha jambo hili waziwazi kiasi hicho.

Mwaka 1991, watafiti wa Benki ya Dunia wakishirikiana na wenzao wa Muhimbili walianza kuhoji kaya za Kagera. Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikoripotiwa mwaka 1983, na miaka minane baadaye watu wazima walikuwa wakifa wakiwa bado na nguvu za kulima na kulea. Swali la watafiti lilikuwa zito: baba au mama akifa, kaya inabaki na nini? Shamba la migomba na kahawa linalimwa na nani? Mtoto anaendelea na shule? Swali kama hilo hulijibu kwa kwenda mara moja. Ni lazima umwone mtu kabla ya msiba na umwone tena baada yake, mtu yuleyule. Ndiyo maana kaya zilezile zilihojiwa hadi mara nne kati ya 1991 na 1994. Zilikuwa kaya 915, zilizotoka katika maeneo 51 ya mkoa.

Kisha kazi ikalala kwa miaka kumi. Mwaka 2004 wadadisi walirudi na orodha ile ya zamani, safari hii wakiwa na agizo ambalo utafiti mwingi hukwepa kulitoa kwa sababu ya gharama: msimhoji yule tu aliyebaki kijijini, mfuateni kila mmoja aliyekuwa kwenye orodha, popote alipo.

Fikiria mdadisi anafika kwenye kibanja kimoja. Mkononi ana karatasi yenye majina sita yaliyoandikwa mwaka 1991: mama, baba na watoto wanne. Anamkuta mama. Baba amefariki. Binti mkubwa ameolewa kijiji cha pili. Kijana wa kwanza yuko Mwanza, na mama anajua kwamba anafanya kazi gereji, ila jina la mtaa halijui. Wa tatu alichukuliwa na shangazi yake baada ya msiba, akapelekwa Biharamulo. Wa mwisho alienda visiwani kuvua samaki, na tangu mwaka juzi hakuna aliyemsikia. Mdadisi anaandika yote hayo kwenye fomu ya ufuatiliaji, anauliza kama kuna ndugu mwenye simu, anakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, anapita kwa jirani, anauliza ni nani aliyesafiri kwenda Mwanza karibuni. Kutoka nyumba moja ana safari nne za kufanya, na mojawapo haina hata mwelekeo.

Hivyo ndivyo kaya 915 zilivyogeuka kuwa zaidi ya 2,700 mwaka 2004. Kaya hugawanyika. Watoto wanaoa na kuolewa, wanajenga kwao, wanapanga chumba mjini, wengine wanavuka mpaka na kuingia Uganda. Utafiti uliwafuata huko kote.

Sasa sikilizeni hesabu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo msomaji wa ripoti anapoweza kuteleza. Taarifa za utafiti ule zilisema kwamba asilimia 93 ya kaya za mwanzo zilipatikana tena. Ni idadi ya kutia moyo. Lakini kaya ilihesabiwa kuwa imepatikana endapo hata mtu wake mmoja alipatikana. Rudi kwenye kibanja chetu: mama amehojiwa, basi kaya imepatikana, hata kama watoto wote wanne hawajulikani walipo. Ukihesabu mtu mmoja mmoja picha inabadilika. Watu 6,353 walikuwa kwenye orodha ya mwanzo. Kati yao 961 walikuwa wamefariki, 4,432 walihojiwa tena, na waliosalia, kama 960 hivi, hawakupatikana. Yaani kati ya waliokuwa hai, waliopatikana ni asilimia 82. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, katika mkoa ulioguswa na UKIMWI, hiyo ni kazi kubwa, na wale walioifanya wanastahili heshima yetu. Lakini 93 si 82. Ukisoma ripoti yoyote ya aina hii, jambo la kwanza la kuuliza ni kama asilimia uliyopewa ni ya kaya au ni ya watu.

Naomba pia tutenganishe wafu na waliopotea. Aliyefariki hajapotea kwenye utafiti. Kifo chake ni sehemu ya jibu lililokuwa likitafutwa, na kinaandikwa kwa tarehe na kwa sababu yake. Aliyepotea ni yule ambaye ana maisha mahali fulani, anakula, anafanya kazi, analea watoto, na sisi hatuyajui maisha hayo.

Je, kuna ubaya gani wakipotea? Watu wengi hudhani ubaya ni kupungukiwa idadi, kwamba ulikuwa na watu elfu, sasa una mia nane, basi makadirio yako yameyumba kidogo. Kama ingekuwa hivyo tu, dawa ingekuwa rahisi: ongeza kaya nyingine za jirani kujaza nafasi. Na kweli zipo tafiti zinazofanya hivyo. Lakini kaya ya jirani haijui kilichompata yule aliyeondoka. Umejaza nafasi kwenye jedwali, na swali lako limebaki palepale bila jibu.

Ubaya wenyewe unakuja pale sababu ya kupotea inapofungamana na kitu unachokipima. Kagera ilitupa ushahidi wa jambo hili. Wachumi watatu, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, waliwafuatilia watu wale kutoka 1991 hadi 2004 na kulinganisha hali zao. Kwa waliobaki katika kijiji chao cha mwanzo, umaskini ulipungua kwa pointi kama 4 za asilimia. Kwa waliohama na kutoka nje ya mkoa, ulipungua kwa pointi kama 23. Kwa ujumla walikuta kwamba kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia kwenye ukuaji wa matumizi ya mtu katika kipindi hicho. Wakasema wazi kwamba lau wangewahoji waliobaki kijijini tu, wangeona kama nusu tu ya upungufu wa umaskini uliotokea kweli.

Nusu, ndugu zangu. Na utafiti huo mbovu wa kufikirika usingekuwa na kosa lolote la kuonekana kwa macho. Dodoso lingekuwa zuri, wadadisi wangekuwa waaminifu, mizani ya kupima uzito wa watoto ingekuwa sahihi, na kila namba iliyoandikwa ingekuwa ya kweli kwa mtu aliyehojiwa. Halafu waziri angesomewa kwamba umaskini Kagera haujasogea sana.

Tuifanye hesabu hiyo pole pole, kwa namba nitakazozitunga ili ziwe rahisi kushika. Chukua watu 100. Mwanzoni 36 ni maskini. Miaka inapita, 60 wanabaki kijijini na 40 wanahama. Miongoni mwa wale 60, maskini sasa ni 19, ambayo ni karibu asilimia 32. Miongoni mwa wale 40 waliohama, maskini ni 8, yaani asilimia 20. Jumla ya maskini ni 27 kati ya 100, kwa hiyo umaskini umeshuka kutoka 36 hadi 27. Lakini mtafiti aliyeishia kijijini anawaona wale 60 tu. Anaandika asilimia 32. Kwake yeye umaskini umeshuka kwa pointi 4, wakati kweli umeshuka kwa 9.

Mtakwimu mwenye uzoefu atasema, subiri, tuna namna ya kurekebisha. Namna ya kwanza ni kuwalinganisha waliopotea na waliopatikana kwa taarifa za mwanzo, zile za 1991, kwa sababu wakati huo wote walikuwepo. Je, waliopotea walikuwa vijana zaidi? Walisoma zaidi? Walikuwa na shamba dogo? Ukishajua, unawapa uzito mkubwa zaidi wale waliopatikana wanaofanana nao. Kama vijana waliomaliza darasa la saba walipotea nusu yao, basi kila kijana wa aina hiyo aliyepatikana anahesabiwa kama wawili, mmoja kwa niaba yake na mmoja kwa niaba ya mwenzake ambaye hayupo.

Njia hii ni nzuri, na mimi nadhani kila utafiti wa kurudia unapaswa kuitumia. Lakini ina mwisho wake, na Kagera inauonyesha mwisho huo. Mwanzoni, hali ya wale ambao baadaye wangehama haikuwa mbali sana na ya wale ambao wangebaki. Tofauti kubwa ilizaliwa baadaye, baada ya mmoja kupanda meli kwenda Mwanza na mwingine kubaki. Sasa, ukimchukua kijana wa darasa la saba aliyebaki kijijini ukamhesabu mara mbili, umeongeza nini? Umehesabu mara mbili kipato cha shamba la kijijini. Mshahara wa gereji ya Mwanza haumo ndani yake, hata umhesabu mara kumi. Uzito hurekebisha tofauti ambazo tayari zilikuwepo kwenye karatasi ya kwanza. Jambo lililotokea baada ya mtu kuondoka haliwezi kurekebishwa kwa karatasi iliyoandikwa kabla hajaondoka.

Kwa hiyo kipimo kile cha kulinganisha taarifa za mwanzo kinaweza kukupa jibu la kukutuliza, kwamba waliopotea walifanana na waliobaki na hakuna tatizo, na jibu hilo likawa limekupoteza. Nimesoma ripoti zinazoweka jedwali hilo kwenye kiambatisho, zikaona tofauti ni ndogo, zikafunga mjadala. Kwa maswali mengine jedwali hilo linatosha. Kwa swali la kipato, katika nchi ambayo watu wanahama ili kutafuta kipato, halitoshi.

Nisieleweke vibaya kwamba kila anayepotea anaharibu. Marekani kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan ulioanza mwaka 1968 kufuatilia mapato ya familia. Kufikia 1989 ulikuwa umepoteza karibu nusu ya watu wake wa mwanzo. Fitzgerald, Gottschalk na Moffitt waliuchunguza upotevu huo kwa makini wakachapisha matokeo yao mwaka 1998. Waliona kwamba wenye kipato kidogo walikuwa wepesi zaidi kutoka, lakini kwa makadirio mengi waliyoyapima, upotoshaji ulikuwa mdogo kuliko mtu angetarajia kwa hasara ya kiasi hicho. Ukubwa wa upotevu na ukubwa wa kosa ni vitu viwili. Unaweza kupoteza nusu ukabaki na makadirio yanayofaa, na unaweza kupoteza kumi katika mia ukaharibikiwa, kama kumi hao ndio waliobeba jambo unalolitafuta.

Na Kagera ilikuwa na jambo la pili lililobebwa na watu waliohama, lenye uchungu zaidi kuliko la kwanza. Mlikumbuke lile swali la mwanzo, kuhusu misiba. Mtu mzima akifa, mara nyingi kaya haibaki kama ilivyokuwa na pengo moja. Inavunjika. Mjane anarudi kwao. Watoto wanagawanywa, huyu kwa bibi, huyu kwa baba mdogo, huyu kwa shangazi mjini. Kaya iliyoumizwa zaidi na msiba ndiyo inayokuwa na uwezekano mkubwa wa kutokuwepo mdadisi atakaporudi. Inayobaki mahali pake ni ile iliyohimili. Ukihoji zilizobaki, utaandika kwamba kaya za Kagera zinahimili misiba.

Kwa kuwa walifuatwa, tunajua zaidi. Watafiti walichukua watoto 718 ambao katika miaka ya 1991 hadi 1994 walikuwa bado na wazazi wote wawili, wakawatafuta na kuwapima tena mwaka 2004. Karibu asilimia 19 yao walikuwa wamempoteza mzazi mmoja au wote kabla hawajafika miaka 15. Waliofiwa na mama walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 2 walipokuwa watu wazima, na walikuwa wamesoma pungufu kwa karibu mwaka mzima, wakilinganishwa na walivyotarajiwa kuwa kama mama angeishi. Ili kuijua hiyo sentimita ni lazima umfuate yule mtoto wa tatu kule Biharamulo kwa shangazi yake, umsimamishe ukutani, umpime. Angeachwa kwa sababu nauli ni kubwa, sentimita yake isingekuwepo kwenye hesabu yoyote.

Angalieni basi. Kijana wa gereji akipotea, Kagera inaonekana maskini kuliko ilivyo. Mtoto yatima akipotea, Kagera inaonekana salama kuliko ilivyo. Kuna watu watasema makosa haya mawili yanakatana, moja linavuta juu na jingine linavuta chini, wastani unabaki sawa. Hata kama kwa bahati wastani ungebaki sawa, ungekuwa umewapoteza waliopanda na walioanguka, ukabaki na wa katikati peke yao. Ungeandika kwamba hakuna pengo kubwa kati ya watu, na pengo ndilo lililotokea. Sera ya kumsaidia yatima na sera ya barabara na kazi mijini zote mbili zingekosa ushahidi kwa wakati mmoja.

Mtafiti atajuaje kwamba ameharibikiwa, wakati wale waliopotea hawaonekani? Kuna dalili moja ninayoiamini kuliko nyingine. Panga watu uliowapata kwa ugumu wa kuwapata. Kwanza waliokuwa nyumbani, kisha waliokuwa kijiji cha jirani, kisha waliokuwa wilaya nyingine, mwisho waliotafutwa nje ya mkoa. Tazama kama jibu linasogea kadiri ugumu unavyoongezeka. Kagera lilisogea sana: pointi 4 kwa waliobaki, zaidi kwa waliosogea, 23 kwa waliotoka mkoani. Ukiona jibu linasogea hivyo, una sababu ya kudhani kwamba wale ambao hukuwapata kabisa wako mbele zaidi kwenye njia hiyohiyo. Kama halisogei hata kidogo, unaweza kupumua.

Kenya walikwenda hatua moja mbele kwa akili ambayo naipenda. Katika utafiti wa kuwafuatilia wanafunzi wa zamani wa shule za msingi za Busia, watu kama 7,500, waliwatafuta wote kwa njia ya kawaida kwanza. Kisha, badala ya kuwakimbilia wote waliosalia na kumaliza fedha katikati, walichagua kwa kura robo yao tu, na kwa robo hiyo wakatumia kila mbinu. Kwa namba za mfano: una watu 100, umewapata 60. Wamebaki 40. Unapiga kura kuchagua 10, unawasaka kwa bidii zote, unawapata 8. Kila mmoja wa hao 10 anawakilisha watu wanne, kwa hiyo wale 8 wanasimama kwa niaba ya 32, na ni kana kwamba umefikia 92 kati ya 100. Uzuri wake ni kwamba uzito unapewa mtu aliyehama kweli, mwenye mshahara wa Mwanza au wa Nairobi mfukoni, tofauti na yule wa kijijini tuliyemhesabu mara mbili. Na kura lazima iwe kura kweli. Wadadisi wakichagua wale walio karibu na stendi ya basi, njia yote imevunjika.

Baada ya hayo yote watabaki wengine, kama wale 960 wa Kagera. Kwa hao, nadhani uungwana wa kitaalamu ni kuonyesha mipaka. Rudi kwenye watu wetu 100 walio hai, useme umewapata 82, na maskini kati yao ni 22. Wale 18 huwajui. Kama hakuna maskini hata mmoja kati yao, umaskini ni asilimia 22. Kama wote ni maskini, ni asilimia 40. Pengo hilo ni pana, lakini ndilo pekee unaloweza kulisema bila kudhani chochote. Ukitaka kulibana ni lazima useme unadhani nini. Ukidhani 18 hao wako kama waliobaki kijijini, maskini wataongezeka kama 6, utapata 28. Ukidhani wako kama waliofika mbali, ambao wachache sana ni maskini, ataongezeka mmoja, utapata 23.

Mwaka 2010 wadadisi walirudi tena, na safari hiyo kaya walizozifikia zilizidi 3,300. Simu za mkononi zilikuwa zimeenea, na namba ya ndugu mmoja iliweza kufungua njia ya kuwafikia watano. Bado wapo ambao hawakupatikana. Ripoti inayosema 28, na inayosema 23, zote zinategemea tunavyowadhania watu hao, kwamba wamekaa karibu na hali yao ni ileile, au wamefika mbali na mambo yao yamewanyookea. Na yule mvuvi wa visiwani, mtoto wa nne wa mama yetu, anaweza kuwa popote kati ya hapo, ama nje ya hapo kabisa, kwa sababu mtu anaweza pia kuhama akaharibikiwa, akaona aibu kurudi, na ndiyo sababu mama yake hajamsikia.